Ndoo ya Kilo 28 Iliyozaa Kilo 30

Lebo zilizosomeka "Uzito halisi 710 g" kwenye chupa zangu za asali zilikuwa za uongo, na aliyeziandika ni mimi. Mchapaji hakukosea, wala mizani haikuharibika. Nilikaa mezani na kalamu, nikazidisha 500 kwa 1.42, nikapata 710, nikaipeleka namba hiyo ikachapwe. Kuzidisha kwenyewe kulikuwa sahihi. Nimefundisha hesabu shule ya msingi mpaka nikastaafu, na hapa Tabora watu bado wananiita Mwalimu, kwa hiyo hakuna aliyeona haja ya kuikagua hesabu yangu.

Inabidi nianze na kosa lililotangulia, kwa sababu hili la pili lilizaliwa wakati nalikimbia la kwanza.

Nilipoanza kufungasha asali nilinunua chupa za kioo za mdomo mpana, zile ambazo wauzaji wanaziita "za mia tano". Maana yake ni mililita 500. Mimi nikaandika kwenye lebo gramu 500, kana kwamba mililita na gramu ni kitu kimoja. Kwa maji zinakaribiana sana, maana lita ya maji ni kilo moja. Asali ni nzito zaidi: lita moja ya asali iliyoiva vizuri ina karibu kilo 1.42. Ndiyo sababu ndoo ya lita 20, ambayo huku kwetu ndiyo kipimo cha asali inayotoka porini, ukiitundika kwenye mizani hupati kilo 20, unapata 28 au zaidi kidogo. Hilo kila mrina asali analijua, na kila aliyewahi kubebeshwa ndoo hiyo analijua kwa shingo yake. Mimi pia nililijua. Nilikuwa nikinunua asali kwa kilo, na mizani ya kutundika nilikwenda nayo mwenyewe hadi kijijini ili nisipunjwe.

Sasa ndoo ya kilo 28, kwa lebo ya gramu 500, ilipaswa kutoa chupa 56. Ikatoa 42. Ndoo iliyofuata ikatoa 42 vilevile. Nilikuwa na kijana wa mtaani kwetu aliyenisaidia kuchuja na kujaza, na katika kichwa changu zile chupa 14 zikawa na mwizi. Sikumtamkia neno hilo. Nilianza kuifunga stoo kwa kufuli, nikawa nasimama nyuma yake anapojaza, na siku moja nikamuuliza mbele ya mke wangu kama kwao wanatumia asali kwenye chai. Alijibu, "Hapana, Mwalimu, tunatumia sukari." Hakurudi tena.

Baada ya yeye kuondoka nikawa najaza mwenyewe. Ndoo ikatoa chupa 42.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba chupa zangu zina zaidi ya gramu 500, na kwamba nimekuwa nikiwagawia wateja asali ya bure tangu mwanzo. Jambo lililonigusa mfuko sikulilaza. Jioni ileile nikazidisha, nikapata 710, nikaagiza lebo mpya, na bei nikaipandisha kutoka shilingi 8,000 hadi 11,000 kwa chupa, ili gramu ziendane na fedha. Niliagiza lebo nyingi kwa mkupuo mmoja, maana ukichapisha nyingi bei ya moja inashuka. Chupa ni zilezile, asali ni ileile, mstari wa kujazia ni uleule. Kilichobadilika ni karatasi.

Na hapa ndipo penye ungamo. Kwa lebo ya gramu 710, ndoo ya kilo 28 ilipaswa kutoa chupa 39, tena kabla ya kutoa ile inayobaki kwenye chujio na kuta za ndoo. Ikaendelea kutoa 42. Chupa 42 zenye gramu 710 kila moja ni kilo 29.82. Yaani kwa maandishi yangu, ndoo iliyoingia na kilo 28 ilikuwa ikitoka na kilo zinazokaribia 30. Mwanafunzi wa darasa la tano angenyoosha mkono. Mimi nilikuwa na daftari la manunuzi na daftari la mauzo juu ya meza moja, na sikuyalaza ubavu kwa ubavu. Chupa 14 zilipopungua nilimtafuta mwizi. Chupa 3 zilipozidi nilisema mwaka huu nyuki wamebariki.

Aliyenishika ni mama mmoja anayeoka keki kwa ajili ya sherehe. Waokaji hawapimi kwa kikombe. Wanapima kila kitu kwa gramu, kwa sababu keki ya watu 200 haikubali kukisia. Alinipigia simu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mama."

"Samahani, naomba nikuulize. Chupa yako ina gramu ngapi?"

"Mia saba na kumi. Imeandikwa."

"Ndiyo, imeandikwa. Sasa mimi nimeipima, nimepata mia sita arobaini na moja."

Nikamwambia mizani yake ina matatizo. Akaniambia, bila kupandisha sauti, alichofanya: aliipima chupa ikiwa imejaa, na kifuniko chake, akaitumia asali yote, akaiosha chupa, akaikausha ndani na nje, akaipima tupu na kifuniko kilekile, akatoa. Ilivyojaa ilikuwa gramu 903, tupu gramu 262. Njia hiyo haina pa kuponyokea. Hata mizani yake ingekuwa inazidisha gramu 5 kila mara, kosa hilo lingejifuta lenyewe kwenye kutoa.

Nilikwenda duka la jirani nikaazima jiwe la mizani la nusu kilo, lenye muhuri wa kukaguliwa, nikaliweka kwenye mizani yangu ya kielektroniki. Ikasoma 500. Basi mizani yangu ilikuwa nzima, tatizo ni kwamba sikuwa nimeitumia. Nikachukua chupa tupu, nikaiweka juu, nikabonyeza TARE isome sifuri, nikajaza maji mpaka kwenye mstari wa begani ambao ndio tuliokuwa tukijazia asali. Nilijaza polepole, na mwishoni kwa kijiko, jicho likiwa usawa wa mstari, kwa sababu maji hupanda kidogo pembeni mwa kioo na ukiangalia kwa juu unadanganyika. Mizani ikasoma 468.

Kwa kuwa gramu moja ya maji ni mililita moja kwa kazi kama hii, chupa yangu "ya mia tano" ilikuwa na mililita 468 hadi mstarini. Nilipoijaza maji mpaka ukingoni kabisa ndipo ikafika 500. Muuzaji hakunidanganya, chupa huitwa kwa ujazo wake wa hadi ukingoni, na hakuna mtu anayejaza asali hadi ukingoni halafu akafunga kifuniko. Mimi ndiye niliyechukua jina la chupa nikalifanya kipimo. Mililita 468 mara 1.42 ni gramu 665. Gramu 45 kati ya zile 70 zilikuwa zimekwishapatikana, na hazikuwa na uhusiano wowote na asali.

Zilizobaki zilikuwa za asali yenyewe. Ile 1.42 niliyoitumia si namba ya asali zote. Ni ya asali yenye maji kama asilimia 17 hadi 18, ikiwa kwenye nyuzijoto 20. Maji yakizidi, uzito wa lita unashuka. Kwenye asilimia 20, ambayo ndiyo kikomo cha kiwango cha kimataifa cha Codex kwa asali ya kawaida, lita moja ina karibu kilo 1.40. Asali yangu ya msimu ule ilirinwa mapema, masega mengi yakiwa bado hayajafunikwa kwa nta, na nilijua hivyo kwa sababu nilikuwepo. Niliazima refraktomita, kile kidubwana cha kuchungulia unachodondoshea tone la asali, ikaonyesha asilimia 20. Ila hata bila refraktomita ningeweza kujua. Chupa ileile niliyoijaza maji niliikausha, nikaijaza hadi mstari uleule asali iliyotulia, isiyo na povu, ya joto la chumbani. Ikawa gramu 655. Gawanya 655 kwa 468, unapata 1.40. Chupa moja, mizani moja na maji ya bombani vinakupa densiti ya asali yako mwenyewe, badala ya ile ya mtu mwingine uliyoisoma mahali. Hapo zikapotea gramu nyingine 10.

Kutoka 655 hadi 640 zilibaki gramu 15, na hizi ndizo nilizoziona kwa macho kila wiki bila kuzitilia maanani. Asali yetu ikiganda tunaiweka ndoo kwenye maji ya moto mpaka ilainike, kisha tunachuja na kujaza ikiwa bado ina joto la nyuzi 45 hivi, kwa sababu ya baridi haipiti kwenye koki. Asali ya moto imevimba. Mstari ule ule unashika asali pungufu kwa gramu 5 au 6 kuliko ya joto la chumbani. Na asali iliyotoka kuchujwa imejaa hewa: mapovu madogo kama vumbi, ambayo huyaoni mpaka uinue chupa mbele ya dirisha. Tulikuwa tunajaza papo hapo bila kuiacha ndoo itulie. Baada ya siku mbili tatu mapovu yanapanda, yanafanya pete nyeupe shingoni, na asali inakuwa imeshuka chini ya mstari. Niliiona ile pete. Niliuona na ule upungufu wa milimita kadhaa. Mwenye duka mmoja aliwahi kuniuliza kama chupa zinavuja, nikamjibu kwamba asali mbichi ndivyo ilivyo. Jibu lilikuwa na ukweli ndani yake, na nililitumia kuficha.

Hivyo 710 ikawa 665 kwa sababu ya chupa, 655 kwa sababu ya maji, na 640 kwa sababu ya joto na povu. Kila hatua ni ndogo kiasi cha kumfanya mtu aseme haidhuru. Zote zilielekea upande mmoja, upande wangu.

Je, sheria haivumilii tofauti kidogo? Inavumilia, na nilijaribu kujificha huko pia. Shirika la kimataifa la vipimo vya kisheria, OIML, katika mwongozo wake R 87, linakubali kwamba hakuna anayeweza kujaza kila chupa sawasawa hadi gramu ya mwisho. Kwa bidhaa ya kati ya gramu 500 na kilo moja, chupa moja moja inaweza kupungua hadi gramu 15, na ni chache tu katika kundi zinazoruhusiwa kuvuka hapo. Kuvuka mara mbili yake, yaani gramu 30, hairuhusiwi hata kwa chupa moja. Lakini juu ya hayo yote kuna sharti ambalo watu hulisahau: wastani wa kundi zima usiwe chini ya kilichoandikwa. Uvumilivu ule ni kwa ajili ya mkono unaotetemeka, mara ukizidisha, mara ukipunguza. Chupa zangu zilipungua zote, kila moja kwa gramu 70 hivi. Mteja aliyelipa shilingi 11,000 alikuwa amelipia zaidi ya shilingi 1,000 za asali ambayo haikuwamo.

Ningependa kuandika kwamba siku ileile nilizikusanya chupa zote. Sikufanya hivyo. Lebo zilikuwa bado nyingi, na katoni zilizojaa zilikuwa zimekwisha kupangwa. Nilimlipa mama wa keki fedha yake, nikamwomba radhi kwa maneno yanayozunguka, kisha nikapeleka katoni zilizobaki dukani zikiwa na lebo zilezile. Nilijiambia kwamba nitaanza upya na ndoo mpya. Kwa kosa la kwanza, lililonila mimi, haikufika usiku kabla sijalirekebisha. Kwa la pili niliomba muda. Chupa zilizouzwa katika muda huo siwezi kuziita tena bahati mbaya, maana nilikuwa nimeshapima.

Nilichoshindwa kukaa nacho ni kijana. Kila nilipotazama daftari niliona 42, 42, 42, na namba ile ilikuwa shahidi wake tangu siku ya kwanza. Nilimfuata kijiweni anakoegesha bodaboda, nikamweleza hesabu yote kama nilivyoieleza hapa. Akasikiliza hadi mwisho. "Mwalimu," akasema, "ungenipa mizani siku ile, ningekupimia." Sikuwa na la kuongeza. Kesho yake nilipita madukani na chupa zilizokuwa bado kwenye rafu nikazibandika lebo mpya juu ya ile ya zamani, gramu 640, na bei nikaishusha. Zilizokwisha kupanda basi kwenda Dar es Salaam zilikuwa zimekwenda.

Siku hizi ile namba ya densiti naitumia kwa kazi moja tu, kuchagua chupa. Nikitaka kuuza gramu 500 za asali ya asilimia 20, nagawa 500 kwa 1.40, napata mililita 357. Natafuta chupa ambayo mstari wake wa kujazia uko hapo au juu kidogo, maana yake ujazo wa hadi ukingoni uwe kama 380 na zaidi. Naigawa kwa 1.40 na si kwa 1.42, kwa sababu asali nyepesi ndiyo inayohitaji nafasi kubwa. Chupa inayoitosha hiyo haitashindwa na nzito. Hapo kazi ya hesabu inaisha. Chupa tupu inawekwa kwenye mizani, TARE, asali inaingia mpaka 503, inaondoka. TARE inabonyezwa kwa kila chupa, si kwa chupa ya kwanza tu: nilipopima kumi tupu za katoni moja, nyepesi ilikuwa 251 na nzito 274, na tofauti hiyo peke yake ingeweza kula gramu 23 za mteja au zangu. Zile gramu 3 za ziada ni kwa ajili ya mkono. Ndoo inalala usiku mzima ikiwa imefunikwa kabla ya koki kufunguliwa, na povu linaenguliwa kwa kijiko.

Mdogo wangu anayetengeneza sharubati nzito ya choya alikuwa amenakili ile 1.42 yangu, akidhani kila kitu kitamu kina uzito mmoja. Sharubati yake ni kilo moja ya sukari kwa lita moja ya maji, na mchanganyiko huo una kama kilo 1.23 kwa lita. Akiongeza sukari hadi kilo mbili ndipo unakaribia 1.33. Kwake dawa ilikuwa rahisi kuliko kwangu: sharubati inamiminika, kwa hiyo huandikwa kwa ujazo, na mililita zake akazipima kwa maji juu ya mizani. Asali ya nyuki wadogo nayo, ambayo wateja huiulizia kwa ajili ya kifua, ina maji mengi, mara nyingi kupita asilimia 25, na ikifika 30 lita yake haizidi sana kilo 1.35. Ile naijaza kwenye vichupa vidogo, na ndiyo niliyokuwa karibu kuiandikia lebo kwa kuzidisha tena, kabla mke wangu hajaisukuma mizani upande wangu wa meza.

Daftari la manunuzi na la mauzo sasa ni moja. Ukurasa wa kushoto unaandikwa kilo zilizoingia, wa kulia chupa zilizotoka mara uzito wa lebo, na chini yake ile iliyobaki kwenye chujio na ndoo, nayo imepimwa. Ndoo ya mwisho iliingia na kilo 28.4, ikatoa chupa 55 za gramu 500. Kilo 27.5 kwa lebo, gramu 165 za ile nyongeza ya mkono, na gramu 700 hivi kwenye chujio na ndoo. Gramu 35 sijui zilikokwenda, na safari hii sijamuuliza mtu.